Shaka ya Mhitimu na Makadirio Yaliyo Nyuma ya Thamani Chanya ya Mradi

Thamani halisi ya sasa ya mradi ni jumla ya fedha zote zinazotarajiwa kutoka na kuingia, kila moja ikiwa imerudishwa hadi thamani yake ya leo kwa kiwango cha punguzo. Jumla hiyo ikizidi sifuri, kanuni inasema mradi ukubaliwe. Kanuni yenyewe haina ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye fedha zinazotarajiwa, kwa sababu hakuna aliyekwisha kuziona. Kuna mtu ameketi mezani akazikadiria, na mara nyingi mtu huyo ndiye anayeutaka mradi.

Mhitimu aliyesomea fedha akaajiriwa na kampuni ya ujenzi au mfuko wa uwekezaji hukutana na jambo hili mapema. Anakabidhiwa jedwali, anahakiki hesabu, anakuta zimejumlishwa vizuri na jibu ni chanya, lakini moyo haumpi kusaini. Shaka hiyo ndiyo anayomwandikia aliyemlea kikazi. Jibu la mlezi mwenye uzoefu huwa halimtulizi kijana wala halimhimizi apinge kila kitu. Humwelekeza mahali pa kuipeleka shaka, maana shaka inayotapakaa kwenye kila mstari wa jedwali haina kazi yoyote. Mhadhara huu unafuata hoja za barua ya namna hiyo kwa mfano wa nyumba za kuuza katika wilaya ya Temeke.

Mfano wenyewe ni wa kubuni, lakini umbo lake ni la kawaida. Kampuni inataka kununua ardhi Toangoma, upande wa kusini wa Temeke panapoelekea Kigamboni, ijenge nyumba 40. Ardhi itagharimu shilingi milioni 600, zinazolipwa leo. Kila nyumba itajengwa kwa milioni 45, hivyo ujenzi wote ni milioni 1,800, nusu mwaka wa kwanza na nusu mwaka wa pili. Kila nyumba itauzwa kwa milioni 85: 20 mwaka wa pili na 20 mwaka wa tatu. Kiwango cha punguzo ni asilimia 16, yaani mapato ambayo mwenye fedha angeyatarajia kwingine kwenye hatari inayofanana. Kwa makadirio hayo thamani halisi ya sasa ni karibu milioni 308.

Jambo la kwanza ni kujua ni kadirio lipi linalobeba jibu. Hapa kijana hutumia kile alichofundishwa chuoni: hubadilisha mstari mmoja na kuiacha mingine ilivyo. Bei ya nyumba ikishuka kwa asilimia 10, hadi milioni 76.5, thamani ya mradi inabaki kama milioni 73. Punguzo dogo la bei limekula zaidi ya robo tatu ya faida. Bei ikifika karibu milioni 74 hakuna kinachobaki. Kwa hiyo kosa la asilimia 13 tu kwenye bei linatosha kuufuta mradi, na pembezoni mwa jiji kosa la ukubwa huo ni rahisi mno kufanyika, hasa kama bei imetokana na maneno ya madalali. Dalali hutaja bei inayoombwa. Jedwali linahitaji bei iliyolipwa, na tofauti ya hizo mbili hujulikana kwa kuwauliza walionunua, si wanaouza.

Hata hivyo bei si mstari mbaya kuliko yote. Uliojificha zaidi ni kasi ya kuuza. Ikichukuliwa kwamba bei inabaki milioni 85 bila kupungua hata senti, lakini nyumba zinauzwa 8 kwa mwaka kuanzia mwaka wa pili, mauzo yatamalizika mwaka wa sita. Thamani ya mradi inageuka kuwa hasara ya milioni 125. Zikiuzwa 10 kwa mwaka, faida ni kama milioni 6, ambayo kwa vitendo ni sifuri. Sababu iko wazi: ardhi na ujenzi vimekwisha kulipwa katika miaka miwili ya mwanzo, na kila mwaka nyumba inapokaa bila mnunuzi, asilimia 16 inaitafuna bei yake. Jedwali la awali halikusema popote kwamba mradi mzima unasimama juu ya kuuza zaidi ya nyumba 10 kwa mwaka. Lilikuwa na safu mbili tu za mauzo, na aliyelisoma aliona nyumba 40 zikiisha.

Mlezi mzuri angeishia hapo kwa muda, kwa kuwa kijana sasa ana swali moja linalojibika badala ya wasiwasi. Je, katika eneo lile, nyumba zilizokamilika za bei ile huuzwa ngapi kwa mwaka? Jibu halipatikani ofisini. Linatafutwa kwenye miradi jirani iliyokwisha kujengwa: nyumba ngapi zimehamiwa, mita ngapi za LUKU zinanunuliwa umeme, ngapi bado zina vioo vyenye karatasi za kiwandani. Ofisi ya serikali ya mtaa hujua nani amehamia na lini. Kazi hii ni ya siku chache, na ina uzito kuliko kurasa nyingi za maelezo kuhusu ongezeko la watu wa Dar es Salaam.

Ongezeko la watu, kwa kweli, ndilo linalopotosha makadirio ya nyumba katika jiji hili. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5 mkoani Dar es Salaam, na mwandishi wa mradi hugawa idadi hiyo kwa ukubwa wa kaya, akatoa nyumba zilizopo, akapata uhaba mkubwa. Uhaba upo. Lakini mwenye uhitaji wa nyumba na mnunuzi wa nyumba ya milioni 85 ni watu wawili tofauti. Mtu akikopa bei yote benki kwa riba ya asilimia 15 na kulipa kwa miaka 15, marejesho yake ni takribani shilingi milioni 1.19 kila mwezi. Ili marejesho yasizidi theluthi ya kipato, anahitaji kupata karibu milioni 3.6 kwa mwezi, na kipato hicho kiwe na hati za kuonyesha benki. Kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba, TMRC, iliundwa mwaka 2010 ili kuifungua njia hii, lakini mkopo wa nyumba bado ni njia ya wachache.

Wengi wa Temeke, kuanzia Yombo Vituka hadi Chamazi, hujenga wenyewe kidogo kidogo. Mtu hununua kiwanja, anaweka msingi, anafyatua au kununua tofali kadiri fedha zinavyopatikana, anahamia chumba kimoja kikiwa na bati, na kuta nyingine zinafuata. Hakopi, hamlipi mkandarasi faida, na halipi gharama ya muda kwa mtu mwingine. Huyu ndiye mshindani halisi wa nyumba 40 za Toangoma, ingawa hatajwi kwenye sura ya ushindani. Mwandishi wa mradi huorodhesha kampuni nyingine za nyumba na kuwasahau mafundi wa mtaani.

Kutoka hapo barua huingia kwenye swali gumu zaidi: thamani chanya inatoka wapi? Katika soko ambalo kila mtu anaweza kununua saruji na nondo kwa bei ileile na kumwajiri mkandarasi yuleyule, hakuna sababu ya mradi kuleta zaidi ya mapato ya kawaida ya fedha. Ikiwa jedwali linaonyesha ziada ya milioni 308, lazima kuwe na kitu ambacho kampuni hii inacho na wengine hawana: ardhi iliyopatikana kwa bei nzuri, njia ya ujenzi ya gharama ndogo, wateja waliokwisha kujipanga kupitia chama cha wafanyakazi, au kibali kisichopatikana kirahisi. Kitu hicho kikikosekana, ziada ni kosa la makadirio linalosubiri kugundulika. Na hata kikiwepo, kinadumu kwa muda gani? Kampuni ya kwanza ikifanikiwa Toangoma, ya pili na ya tatu zitafuata, bei ya nyumba itashuka na bei ya ardhi itapanda. Kadirio linaloendelea kuonyesha faida ileile hadi mwaka wa kumi limedhani kwamba jirani hana macho.

Ardhi ndiyo inayohitaji kuangaliwa kwa ukali kuliko vyote. Ichukuliwe kwamba kampuni haikununua ardhi jana. Iliinunua zamani kwa milioni 150, na mwandishi wa mradi ameiweka kwa bei hiyo ya kitabuni. Thamani ya mradi ingesomeka milioni 758, na kikao kingepiga makofi. Lakini milioni 450 kati ya hizo hazikuletwa na nyumba. Zililetwa na ardhi kupanda bei, na kampuni ingeweza kuzichukua leo kwa kuiuza bila kuweka tofali hata moja. Ardhi huhesabiwa kwa bei ambayo ingeuzwa leo. Ikiwa mnunuzi wa leo yuko tayari kutoa milioni 900, basi mradi wa nyumba unaongeza milioni 8 tu juu ya kuuza kiwanja, na kwa ajili ya milioni hizo 8 kampuni inabeba hatari ya miaka mitatu ya ujenzi na mauzo. Kutenganisha thamani ya ardhi na thamani ya biashara iliyo juu yake huenda ndiyo hatua yenye manufaa kuliko zote katika ukaguzi wa miradi ya majengo, na ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Kigamboni inatoa ushahidi wa jambo hili. Kabla ya kuwa wilaya inayojitegemea, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Temeke. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa mji mpya, na ujenzi wa daraja la kuunganisha Kurasini na Kigamboni ulianza 2012. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Asilimia 60 ya fedha zake zilitoka Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na asilimia 40 serikalini. Mwenye kiwanja Kigamboni hakusubiri lifunguliwe ndipo apandishe bei. Habari za daraja zilitosha. Kwa hiyo mtu aliyenunua ardhi daraja likiwa linajengwa, kisha akaandika kwenye jedwali lake kwamba daraja litapandisha bei ya nyumba, alikuwa analipa na kuhesabu faida ya kitu kimoja mara mbili: alimlipa mwenye ardhi kwa ajili ya daraja, kisha akalitumia daraja hilohilo kama chanzo cha faida yake. Makadirio yanayotegemea jambo linalojulikana na kila mtu yana udhaifu huu siku zote, kwa kuwa bei ya kuingilia imekwisha kulibeba.

Upande huohuo wa maji kuna mradi wa nyumba wa Dege, ulioanzishwa na NSSF pamoja na mbia binafsi. Ulipangwa kuwa na nyumba 7,460, na ujenzi wake ulisimama mwaka 2016. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilihoji, miongoni mwa mengine, thamani iliyopewa ardhi kama mchango wa mbia. Sababu za kusimama kwa mradi mkubwa kama ule haziwezi kupunguzwa kuwa moja. Kwa mhitimu mwenye shaka, maswali mawili ya mfano wa Toangoma yanaonekana pale kwa ukubwa wake. Ardhi imewekwa kwa bei ya nani? Na nyumba 7,460 zingeuzwa kwa kasi gani? Hata kama soko lingechukua 500 kila mwaka, ingehitajika karibu miaka 15 kuzimaliza.

Daraja lenyewe linaongeza somo dogo. Mapato yake ni tozo za magari, na mwaka 2022 serikali ilizipunguza. Idadi ya magari inaweza kukadiriwa vizuri kabisa na bado mapato yakawa tofauti, kwa kuwa bei iko mikononi mwa mtu mwingine. Nyumba za Toangoma hazina tozo, lakini zina barabara ya mtaa, bomba la maji na kibali, ambavyo ratiba yake haipangwi na kampuni.

Kuna aina mbili za makosa ya makadirio, na kijana anapaswa kuzitofautisha. Moja ni kukosea huku na huku: mara juu, mara chini. Nyingine ni kuelemea upande mmoja. Uchunguzi wa Bent Flyvbjerg na wenzake uliochapishwa 2005, uliolinganisha makadirio na hali halisi katika miradi 210 ya usafiri kwenye nchi 14, ulizikuta zote mbili. Katika nusu ya miradi ya barabara, idadi ya magari ilitofautiana na kadirio kwa zaidi ya asilimia 20. Katika reli, abiria walikadiriwa kupita uhalisia kwa wastani wa asilimia 106. Kosa la aina ya kwanza linaonekana halina madhara, maana linajisawazisha. Si hivyo pale ambapo miradi inachaguliwa.

Kamati ya uwekezaji ikiletewa mafaili 12 ambayo kwa kweli yote yana thamani ya sifuri, na kila mwandishi akakosea kwa uaminifu, baadhi ya mafaili yatasomeka chanya na mengine hasi. Kamati itachagua lililo juu zaidi. Faili hilo limekuwa juu kwa sababu moja tu: kosa lake lilielekea juu kuliko makosa ya wenzake. Hakuna aliyedanganya, na bado kamati itasikitika mwaka wa tatu. Ndiyo maana jibu chanya kubwa lisilotarajiwa linapaswa kuongeza shaka. Kadiri mafaili yaliyoshindanishwa yanavyokuwa mengi, na kadiri makadirio yanavyokuwa ya kubahatisha, ndivyo mshindi anavyostahili kupunguzwa zaidi.

Njia ya mkato inayopendwa ofisini ni kupandisha kiwango cha punguzo. Bosi anahisi makadirio yametiwa chumvi, anaagiza hesabu irudiwe kwa asilimia 25 badala ya 16, na kila mtu anajiona amechukua tahadhari. Kwa nyumba za Toangoma, asilimia 25 bado inatoa thamani chanya ya milioni 62. Mradi umepita mtihani mkali, kumbe kwa asilimia 16 ya kawaida mauzo ya nyumba 8 kwa mwaka yanauangusha. Kupandisha kiwango hakukugusa swali la kasi. Kunaadhibu miaka ya mbali kuliko ya karibu, hivyo huonea mradi mzuri wa muda mrefu na kuupitisha mradi mbovu unaodai kurudisha fedha haraka. Vilevile kunamfundisha mwandishi wa mradi kuongeza chumvi zaidi safari ijayo. Kosa la mauzo linasahihishwa kwenye mstari wa mauzo.

Kinachotakiwa kwenye mstari huo ni wastani wa yanayoweza kutokea, kila moja likipewa uzito wake. Makadirio mengi ya miradi si wastani. Ni hadithi ya kila kitu kwenda sawa. Mkandarasi hachelewi, mvua za masika hazifungi barabara ya vumbi, hati inatoka kwa wakati, wanunuzi wanalipa kwa mkupuo. Kila dhana peke yake ina uwezekano mzuri, lakini zote kutimia pamoja ni nadra. Kwa mfano huu, kijana akirudi kutoka kwenye miradi jirani na kuamua kwamba kuna nafasi ya asilimia 25 ya kuuza nyumba 20 kwa mwaka, asilimia 45 ya kuuza 10, na asilimia 30 ya kuuza 8, thamani inayotarajiwa ni kama milioni 42. Uzito huo ni hukumu yake, na mwingine anaweza kuubishia. Huo ndio ubishi unaofaa kufanyika kikaoni, kwa sababu unahusu kitu kinachoweza kukaguliwa mtaani. Milioni 308 hazikuwa na mahali pa kubishiwa.

Milioni 42 si nyingi mbele ya matumizi ya milioni 2,400, na bei ikikosewa kidogo zinatoweka. Lakini hesabu hii bado imedhani kwamba kampuni italazimika kujenga nyumba zote 40 hata kama soko limekataa. Hakuna sheria inayoilazimisha. Inaweza kujenga 10 kwanza na kusubiri. Gharama ya kila nyumba itapanda, kwa kuwa mkandarasi atahamisha vifaa na kambi mara mbili, na saruji itanunuliwa kwa mafungu madogo. Kwa gharama hiyo kampuni inanunua taarifa ambayo jedwali lote lilikuwa likiikisia: muda ambao nyumba 10 za milioni 85 huchukua kupata wanunuzi Toangoma. Zikiisha ndani ya miezi sita, zile 30 zinajengwa kwa makadirio yenye msingi. Zikipita mwaka, kampuni inabaki na robo tatu ya ardhi isiyo na mapagale juu yake, inayoweza kuuzwa kwa viwanja.

Sharti ni kwamba kipimo cha kusimama kiandikwe kabla ya msingi wa kwanza kuchimbwa, pamoja na jina la mwenye mamlaka ya kusimamisha, na asiwe yule aliyeandika makadirio. Mradi ukishaanza, mwaka bila mauzo hupata maelezo: uchaguzi, mvua, barabara inayokuja. Mhitimu huweka kwenye faili karatasi moja yenye namba tatu, yaani bei iliyolipwa katika miradi jirani, nyumba zilizouzwa huko katika miezi 12 iliyopita, na bei ya leo ya ardhi kama ingeuzwa. Baada ya miezi 12 ya ujenzi, namba hizo tatu hulinganishwa na zilizotokea, ili mwandishi wa faili linalofuata akadirie akiwa na rekodi ya makosa ya lililotangulia.